Vitamini C, E na feruliki kwenye chupa moja: kinachoongezeka ni nini

*Shikamoo mtaalamu. Niko Tanga. Nilinunua seramu ya vitamini C asilimia 20, baada ya wiki tano ikawa rangi ya chai na sasa inanipaka rangi vidoleni. Dada wa dukani ananiambia nichukue yenye C, E na feruliki, asilimia 15, bei yake mara tatu. Hizo mbili zinaongeza nini hasa? Shida yangu mimi ni madoa ya chunusi.*

Marahaba binti yangu. Zinaongeza mambo mawili. Ngozi inastahimili jua kuliko ikipakwa C peke yake, na C yenyewe inadumu zaidi ndani ya chupa. Kufuta madoa ni kazi ya C, na majaribio yaliyoupa mchanganyiko huu jina hayakupima madoa hata kidogo. Yalipima jua. Ukilishika hilo, utajua kama bei mara tatu inakufaa au la.

Nianze na chupa yako, kwa sababu yenyewe inaeleza nusu ya habari.

Vitamini C halisi, ile ambayo lebo inaiita «Ascorbic Acid» au «L-Ascorbic Acid», kazi yake ni kutoa elektroni. Ndiyo maana inafaa kwenye ngozi: inazitoa kwa chembe haribifu zinazozaliwa jua linapopiga, chembe ambazo wakemia wanaziita radikali huru, na chembe hizo zinatulia kabla hazijagusa seli. Lakini haichagui wa kumpa. Ukifungua chupa, hewa inaingia na oksijeni inajichukulia zake. Ni jambo la jamaa moja na bilinganya uliyoikata ukaiacha kibaoni: ukigeuka, imeshakuwa kahawia. C ikinyang'anywa mara ya kwanza bado inaweza kurudishwa ilivyokuwa, ila ikikaa muda inavunjika moja kwa moja, na hapo hairudi tena.

Moja ya vipande vinavyobaki ni sukari iitwayo erithrulosi. Hii ndiyo wenzetu wa nchi za baridi wanaitia kwenye losheni za kujipaka rangi ya jua, kwa kuwa inashikana na protini za tabaka la juu la ngozi na kuacha rangi ya machungwa. Kwa hiyo vidole vyako havijaungua wala hujapata mzio. Vimepakwa rangi na mabaki ya vitamini yako, mfano wa hina iliyofifia, na rangi hiyo itaondoka yenyewe ngozi ya juu inavyopukutika. Foronya nyeupe je? Hiyo ina kazi.

Joto linaharakisha haya yote, mwanga vilevile, na hata chembe kidogo tu za chuma au shaba zilizokuwamo kwenye maji ya kutengenezea. Chupa ya kioo cheupe, yenye dropa, inayofunguliwa kila asubuhi kwenye chumba cha Tanga mwezi wa pili, ina kila kinachohitajika ili iharibike. Wiki tano hazinishangazi.

Sasa tuje kwa feruliki. Asidi ya feruliki imo kwenye kuta za seli za mimea mingi: pumba za mchele zimejaa, pumba za ngano na mahindi nazo. Jina lake limetoka kwa Ferula, jamii ya mmea unaotoa mvuje. Ndiyo, mvuje huuhuu unaoujua wewe mtu wa pwani, wenye harufu kali. Wakemia waliitoa asidi hiyo mara ya kwanza kwenye utomvu wa mvuje mwaka 1866. (Usiende kujipaka mvuje usoni, tafadhali. Kilichomo kwenye seramu ni unga uliosafishwa, hauna harufu ile.)

Feruliki nayo inatoa elektroni, lakini ina sifa ambayo wenzake wengi hawana: ikishatoa, haigeuki kuwa mharibifu mpya. Umbo lake lina pete ya kaboni inayousambaza upungufu ule hadi unapoa. Kwa hiyo ndani ya chupa inasimama pamoja na C na E, inapokea sehemu ya mashambulizi ya oksijeni, na wenzake wanabaki wazima muda mrefu zaidi.

Vitamini E ina nafasi yake pekee. C ni ya maji, na E ni ya mafuta. Kuta za seli zako ni mafuta, na jua likizipiga, madhara yanaenea humo kama moto wa nyika, mafuta yanawasha mafuta. C haiwezi kuingia katikati ya mafuta kuuzima. E inaweza, kwa kuwa inakaa humohumo. Shida ya E ni kwamba ikishazima mara moja, imetumika. Hapo ndipo C, ikiwa upande wa maji mpakani, inapoirudishia E kile ilichotoa, na E inarudi kazini. Ndiyo sababu asilimia 1 tu ya E inatosha mbele ya asilimia 15 za C. Mtu anayekuuzia E nyingi kupita hapo anakuuzia utelezi.

Majaribio yenyewe yalifanywa na kundi la Dk. Sheldon Pinnell, daktari wa ngozi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 2001 walionyesha kwamba C halisi haipenyi ngozi vizuri mpaka pH ya maji yake, yaani kipimo ambacho kikishuka asidi inazidi ukali, iwe chini ya 3.5, na kwamba kuzidisha juu ya asilimia 20 hakuongezi kinachoingia, bali kinapungua. Mwaka 2003 walichanganya C asilimia 15 na E asilimia 1, wakapaka kwenye ngozi ya nguruwe siku nne, kisha wakaimulika kwa taa inayoiga jua. Kila moja ikiwa peke yake ilikinga kiasi, ila zikiwa pamoja zilikinga vizuri zaidi, takriban mara nne ya ngozi tupu. Mwaka 2005 wakaongeza feruliki asilimia 0.5 tu, na kinga ikapanda kutoka mara nne hadi takriban mara nane. Hawakutazama wekundu peke yake. Walihesabu seli zilizokufa kwa kuungua, wakaangalia na makosa ambayo jua huyaacha kwenye DNA, na yote yalipungua. Mwaka 2008 walirudia kwa binadamu, watu tisa, na mchanganyiko ukawakinga nao. (Kwa msomaji Mwislamu: ngozi ya nguruwe ilikuwa ya kujaribia, kwa sababu inafanana na yetu. Jaribio lile halina maana kwamba chupani kuna kitu cha nguruwe.)

Naheshimu kazi hiyo, lakini kuna mambo unatakiwa uyapime. Pinnell alikuwa na maslahi: kampuni ya SkinCeuticals ilijengwa juu ya utafiti wake, na ndiyo iliyouza seramu ya kwanza ya namna hii. Hilo halifanyi majibu kuwa ya uongo, na kemia yake inaeleweka kwa mtu yeyote wa fani. Ila watu tisa ni wachache. Na wekundu, ambao ndio uliokuwa kipimo kikuu, kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Jua linatudhuru sisi kwa njia nyingine zaidi, yaani kukoleza madoa, na hilo halikupimwa.

Halafu hiyo «mara nane» imekuwa neno la wauzaji, wanalitumia kana kwamba seramu inachukua nafasi ya losheni ya kukinga jua. Maana yake ni kwamba ngozi ilihitaji mwanga mwingi takriban mara nane ndipo iwe nyekundu sawasawa na ngozi tupu. Losheni ya SPF 30 ikipakwa kwa kipimo chake inapita hapo kwa mbali. Tofauti kubwa iko kwenye namna ya kufanya kazi. Losheni inazuia miale isiingie. Seramu inashughulika na madhara ya ile iliyokwisha kuingia, kwa kuwa hakuna losheni inayozuia yote. Kwa hiyo zinakwenda pamoja, seramu chini, losheni juu. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua losheni.

Na madoa yako? C inapunguza utengenezaji wa rangi kwa kuvuruga kimeng'enya kinachoitengeneza. Ni kazi ya taratibu, ya miezi, na ni ya C iwe ina wenzake au haina. E na feruliki zinamsaidia mtu wa madoa kwa njia ya pembeni: C haifi njiani, na jua halikolezi doa upya kwa nguvu ileile. Kwa ngozi yetu, mwanga wa kawaida unaoonekana nao unakoleza madoa, na seramu hii haikupimwa kwa mwanga huo. Losheni yenye rangi ya ngozi, ambayo rangi yake ni oksidi za chuma, inaukinga vizuri kuliko ile inayoacha weupe. Na ukikutana na «seramu ya vitamini C» inayokung'arisha ndani ya wiki moja, iache dukani. Vitamini C haina mwendo huo. Mkorogo unao.

Labda unajiuliza kwa nini usinunue C ya bei ndogo ukachanganya mwenyewe na kidonge cha vitamini E na unga wa feruliki. Naulizwa hivyo kila wiki, na mimi mwenyewe nilianzia huko, kwa hiyo nieleze kilichonipata.

Nilitaka mililita 100. Hesabu ni nyepesi: gramu 15 za C, gramu 1 ya E, nusu gramu ya feruliki. C ilizama kwenye maji bila tabu. Feruliki niliimwaga hivihivi, ikaelea kama unga wa mhogo usiokorogwa. Maji ya kawaida hayawezi kubeba hata gramu moja ya feruliki kwa lita, na mimi nilihitaji gramu tano kwa lita. Nikaiyeyusha kwanza kwenye spiriti safi, ikawa maji maangavu ya manjano hafifu, nikamimina kwenye maji ya C, nikafurahi. Asubuhi nikakuta chini ya chupa sindano ndogo nyeupe zinameremeta, kama sukari guru iliyoganda upya. Feruliki ilikuwa imetoka kwenye maji na kulala chini. Spiriti ilikuwa kidogo mno kuishikilia.

Kuna njia ya mkato ambayo ni mtego. Ukipandisha pH kwa magadi au kitu kama hicho, feruliki inayeyuka vizuri sana. Lakini C nayo inapoteza mambo mawili kwa mpigo: haipenyi tena ngozi, maana umeshavuka ile 3.5, na inaharibika haraka zaidi. Yaani unaokoa kitu cha asilimia 0.5 kwa kuua cha asilimia 15. Na E niliyoitoboa kwenye kidonge ilifanya yanayofanywa na mafuta kwenye maji. Ilipanda juu ikatengeneza macho ya mafuta kama kwenye supu. Tone la kwanza la dropa linabeba E yote, na matone mengine hayana kitu. Zaidi ya hayo, vidonge vingi vina E ya asetati, ambayo lebo inaiita «Tocopheryl Acetate». Hiyo imefungwa mkono: mpaka ngozi iivunje kwanza ndipo ifanye kazi, na ndani ya chupa haimsaidii mtu. Inayotakiwa ni «Tocopherol» tupu.

Ndiyo maana seramu nzuri inagharimu. Hela haiendi kwenye unga. Inakwenda kwenye kiyeyushi kinachoifanya feruliki ikae pale kwenye pH ya 3 bila kuanguka, na kwenye kiunganishi kinachoisambaza E sawasawa. Chupa ya mililita 30 ina gramu 4.5 za C, gramu 0.3 za E, na feruliki miligramu 150, sawa na bana moja ndogo ya chumvi. Bana hiyo ndiyo iliyolindwa na hataza Marekani kwa miaka mingi, pamoja na viyeyushi vyake na pH yake. Hataza hiyo iliisha mwaka 2025, kwa hiyo chupa za bei nafuu zenye hesabu ileile zimeanza kuwa nyingi, na si lazima ulipe bei ya ile ya kwanza.

Basi chukua chupa anayokuonyesha dada wa dukani, uigeuze usome nyuma. Viungo vinaandikwa kuanzia kilicho kingi, isipokuwa vilivyo chini ya asilimia 1 vinaweza kupangwa vyovyote. Tafuta kihifadhi kiitwacho «Phenoxyethanol», kama kipo. Kwa kawaida hakizidi asilimia 1, kwa hiyo ni alama ya mpaka. «Ascorbic Acid» lazima iwe kabla yake, tena mwanzoni kabisa, ya pili au ya tatu. Ukiikuta baada yake, hiyo 15 iliyoandikwa mbele ni pambo. «Ferulic Acid» ikiwa baada ya mpaka usiogope, maana asilimia 0.5 ni mahali pake. Halafu tafuta kiyeyushi: «Ethoxydiglycol» ndicho kinachotumika sana, au «Propylene Glycol», au pombe. Ukiona maji, C na feruliki tu bila chochote cha kuiyeyusha, jiulize feruliki hiyo imekaa vipi mle ndani. Inua chupa kwenye mwanga uangalie chini kama kuna sindano zile nilizokueleza.

Angalia pia ni vitamini C gani. Ikiwa ni «Sodium Ascorbyl Phosphate» au «Ascorbyl Glucoside», hiyo ni C iliyofungwa, tulivu, inayokaa kwenye pH ya juu. Si mbaya kwa ngozi inayochomwa na asidi, ila namba nane ya Pinnell haiihusu, kwa kuwa alichojaribu kilikuwa C halisi kwenye asidi.

Ukinunua, siku unayofungua dondosha tone moja kwenye sahani nyeupe na ulipige picha. Fanya hivyo kwa sababu seramu yenye feruliki mara nyingi inaanza ikiwa na manjano hafifu, rangi ya nyasi kavu, na watu wanaitupa wakidhani imekufa. Harufu pia inashangaza wengi, ina kitu cha soseji au cha sarafu iliyoshikwa mkononi, nayo si dalili ya ubovu. Kila baada ya wiki mbili dondosha tone jingine ulinganishe. Ikifika rangi ya chai ya rangi, kazi yake imekwisha, hata kama nusu chupa imebaki.

Ipake asubuhi, uso ukiwa safi na mkavu kabisa, kwa kuwa ngozi yenye maji inachomwa zaidi na asidi. Nusu mililita inatosha uso na shingo, kwa hiyo mililita 30 ni siku 60 hivi. Usinunue chupa kubwa kwa sababu ya punguzo. Kwa joto la Tanga hutaimaliza ikiwa hai. Iweke kwenye friji, mlangoni, ndani ya boksi lake. Kinachoingia kwenye ngozi kinakaa: Pinnell aliona nusu yake bado ipo baada ya siku nne, kwa hiyo ukiruka asubuhi moja hujapoteza kitu, na huna haja ya kupaka tena mchana. Kuwasha kidogo kwa dakika moja mbili ni kawaida. Kukiendelea, paka siku moja, acha siku moja. Usipake juu ya chunusi iliyopasuka.

Sasa uamuzi wako. Kama unashinda juani, sokoni, shambani, kwenye bodaboda, ningekushauri utoe hela ya ile yenye tatu, na losheni juu yake, kwa sababu kinga ndiyo utakayoitumia kila siku. Kama unashinda ndani na unachotaka ni madoa tu, C peke yake ya asilimia 10 hadi 15, mbichi, mililita 15 au 20, ndani ya chupa ya pampu isiyopitisha mwanga, inayomalizika ndani ya mwezi mmoja na nusu, itakufikisha karibu sana na hapo. Bei iliyobaki peleka kwenye losheni yenye rangi ya ngozi yako. Ile 20 uliyonayo iondoe kabatini leo. Na kabla hujalipa chochote mwombe dada wa duka akuonyeshe tarehe ya kutengenezwa, na mahali chupa inapokaa usiku. Kama inakaa dirishani kwenye jua, nunua kwingine.